Jaji Kasema Wapi?

Siku aliyorudi kazini baada ya likizo ya uzazi, Mama Nukta alikuta kiti chake kina mto. Mto mwekundu, wa manyoya, umefungwa kwa utepe kwenye mgongo wa kiti kama mtoto aliyebebwa. Miaka yote yeye alikalia ubao mtupu mpaka sketi ikang'aa nyuma, na hakuna aliyemwonea huruma. Sasa kiti kilekile kimetandikwa kama kitanda cha bibi harusi.

"Shikamoo dada! Karibu sana," akasema aliyeketi juu ya mto. "Mtoto hajambo? Umenenepa, umependeza!"

"Marahaba," akajibu Mama Nukta, akivuta gauni lisimbane tumboni. "Hajambo."

Huyo ndiye Chapchap, binti aliyechukuliwa kuziba pengo. Jina alipewa na wenzake kwa jinsi vidole vyake vinavyokimbia, maana habari yake humfikia mhariri wengine wakiwa bado wanatafuta kalamu. Na aliyemfundisha kazi ni Mama Nukta mwenyewe, tumbo likiwa limegusa meza, kabla hajaenda kujifungua. Alimweleza jinsi hukumu inavyopangwa. Kwanza jaji anasimulia mlalamikaji alidai nini, kisha mlalamikiwa alijibu nini, na baada ya hapo ndipo anapoanza kusema yeye mwenyewe ameona nini na ameamua nini. "Usichanganye midomo," alimwambia. "Ukimaliza kila sentensi, jiulize: jaji kasema wapi? Weka kidole. Kama huna pa kuweka kidole, futa."

Jina la Nukta nalo lilitokana na hilo. Mwandishi akitaka kunogesha habari, yeye humwambia, weka nukta hapo, jaji aliishia hapo.

Mhariri aliwaita wote wawili ofisini, akazungusha miwani kidoleni. Dawati la mahakama, alisema, lina nafasi ya mtu mmoja. Atawatazama mpaka mwisho wa mwezi. Atakayebaki atabaki, na mwingine atahamia dawati la masoko kuandika bei za mazao.

Chapchap alicheka kama aliyeambiwa mzaha. Mama Nukta hakucheka. Soko la jumla hufunguliwa giza halijatoka, na mwandishi wa bei hutakiwa awe pale magunia yanaposhushwa. Mtoto wake hunyonya alfajiri. Hushika kidole cha mama yake kwa mkono mzima, akavuta maziwa huku jicho moja limefumba na jingine linamwangalia kama anayelinda mali. Mahakama, kwa upande wake, hukaa asubuhi ikishakomaa na kufungwa kabla jua halijapoa. Mahakamani angeweza kuwa mwandishi na mama. Sokoni angechagua kimoja.

Hayo ndiyo aliyomwambia mumewe. Lakini hakusema yote, kwa sababu yaliyobaki hayasemeki. Hakusema kwamba alihesabu mara ngapi mhariri alimwita Chapchap "mwanangu." Hakusema kwamba walinzi wa mahakama, waliomjua yeye tangu hajaolewa, sasa walimuuliza, "Mwenzako yuko wapi leo?" Wala hakusema kwamba siku moja, ofisi ikiwa tupu, alikalia ule mto mwekundu kuujaribu, na jinsi ulivyokuwa laini ndivyo roho ilivyomuuma.

Mumewe naye hakusaidia. Ni fundi wa mafriji, mtu wa mikono, na gazeti hulisoma kwa sauti kama anayehubiri.

"Sikia hii, mama. 'Ukumbi ulizizima.' Huyu binti anaandika, bwana!"

"Ukumbi haukuzizima. Nilikuwepo. Watu walikuwa wanapiga miayo."

"Sasa wewe ungeandika watu wamepiga miayo, nani angenunua?"

Mama Nukta akaingia chumbani na mtoto, akafunga mlango kwa kisigino.

Ikafika siku ya hukumu ya mtunza stoo.

Mji mzima ulikuwa unaifuatilia. Mama mmoja wa makamo, mtunza stoo ya dawa katika hospitali ya watu binafsi, alikuwa amefukuzwa kazi kwa tuhuma za kuiba dawa. Hakufunguliwa kesi ya jinai. Hospitali ilimpa barua tu na kumtoa getini mchana, wagonjwa wakitazama. Akaenda mahakamani kulalamika kwamba amefukuzwa isivyo halali. Kwa hiyo katika shauri hili yeye ndiye aliyekuwa mlalamikaji, na hospitali ndiyo mlalamikiwa. Mitaani watu hawakuyajali hayo. Walisema "kesi ya yule mama mwizi wa dawa," utadhani aliyeshtakiwa ni yeye.

Mhariri aliwatuma wote wawili. "Nileteeni kila mtu yake," alisema. "Nitachukua iliyo bora." Hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi.

Kabla jaji hajaingia, yule mama alimkuta Mama Nukta kwenye korido, akikaza kitambaa kifuani kwa sababu maziwa yalikuwa yameanza kuvuja. Bila kuuliza akambania kitambaa vizuri kwa pini yake mwenyewe.

"Mdogo?"

"Mdogo sana, mama."

"Wangu wamekuwa wakubwa. Ila wajukuu hawaji tena nyumbani. Mkwe kakataza, anasema hataki walelewe na mwizi." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa. "Wewe ni mwandishi, eti? Nikishinda, mwanangu, andika mimi si mwizi. Kwa herufi kubwa."

"Nitaandika, mama," akasema Mama Nukta, na akampa namba yake ya simu.

Jaji hakusoma hukumu yote. Alisoma muhtasari na amri zake, kwa sauti ya chini, feni ikimshinda. Ameona kwamba hospitali haikumweleza mlalamikaji tuhuma zake wala haikumpa nafasi ya kujitetea kabla ya kumfukuza. Kwa sababu hiyo kufukuzwa kwake hakukuwa halali, na alipwe fidia. Asiyeridhika ana haki ya kukata rufaa. Akainuka, akatoka. Yule mama alibaki amekaa, mikono mapajani, mpaka wakili wake alipomgusa bega na kumwambia ameshinda.

Wakili wa hospitali, alipoulizwa, alisema watasoma hukumu kwanza ndipo waamue. Hukumu nzima ilikuwa masjala. Karani alikuwa na nakala moja ya waandishi, na mashine ya kutolea kopi ilikuwa inakohoa. Chapchap hakusubiri. Alitandaza kurasa dirishani, akazipiga picha kwa simu, paa, paa, paa, akatimua mbio ngazini viatu mkononi. "Tutaonana dada!" Mama Nukta, na kifua chake kilichojaa, alisubiri mashine.

Njiani alisoma. Alikuwa mtu wa kusoma huku anatembea, akisimama kwenye vizingiti kama punda. Aliposoma sehemu ya mlalamikiwa, alikuta mstari mmoja umeangukia chini kabisa ya ukurasa: *Mlalamikiwa alieleza mahakama kwamba*. Akafunua. Ukurasa wa pili ukaanza: *mtunza stoo alionekana akitoa maboksi ya dawa kwa mlango wa nyuma zaidi ya mara moja.* Akatikisa kichwa, akawaza kuwa hilo ni shimo la kumvunja mtu mguu. Akaendelea.

Alipofika ofisini Chapchap alikuwa anamalizia. Mama Nukta alipita nyuma ya ule mto mwekundu, na jicho lake, ambalo halijui kupita maandishi bila kusoma, likatua kwenye kioo cha kompyuta.

*Jaji alisema mtunza stoo huyo alionekana akitoa maboksi ya dawa kwa mlango wa nyuma.*

Alielewa papo hapo. Binti alikuwa ameanza kusoma picha pale ukurasa ulipoanza, na maneno manne yaliyobaki chini ya ukurasa uliotangulia hakuyaona, au aliyaona akayapita mbio. Mdomo wa hospitali ameuvalisha joho la jaji.

Kumwambia kulihitaji pumzi moja tu. Mama Nukta akaivuta ile pumzi. Kisha akamwona mhariri anapita, anampigapiga Chapchap begani. "Mwanangu, umeshamaliza? Wewe ni mashine!" Pumzi ikarudi ilikotoka.

Akaenda kwenye meza ya pembeni aliyopewa, ile iliyo karibu na choo, akakaa. Rohoni akasema, si mkubwa huyo? Acha ajifunze. Habari ikapanda kwenye tovuti: *ALITOA DAWA MLANGO WA NYUMA, BADO APEWA FIDIA.* Kichwa kilikuwa cha moto, na hesabu ya wasomaji ikaanza kukimbia. Watu wakapiga makofi. Mama Nukta naye alipiga, viganja vikigusana kwa shida. Ilikuwa tamu, ile hali ya kujua. Alikuwa kama mtu aliyekaa na bomba lililopasuka anasubiri mwenye nyumba alowe.

Akaandika ya kwake kwa furaha chungu, na haraka kuliko siku zote. Kila alipomsikia Chapchap anacheka, aliongeza chumvi. Huyu kasema ameiba? Haya. Akamkumbuka mama wa pini na zile herufi kubwa. Kichwa chake kikatoka chenyewe: *MAHAKAMA YAMSAFISHA MTUNZA STOO: HAKUIBA.*

Hajamaliza, simu ikalia.

"Mwanangu." Sauti ya korido, ila sasa haikuwa inataja hali ya hewa. "Mkwe wangu kanitumia kitu cha gazeti lenu. Wameandika jaji amesema nilionekana na maboksi. Wewe ulikuwepo. Jaji alisema hivyo?"

"Hapana, mama. Hakusema."

"Nilikuwa natoka kwa wakili, naimba peke yangu barabarani kama chizi. Sasa nimeingia uani kwa watu nisiowajua, nimekaa kwenye ndoo. Siwezi kwenda nyumbani. Nilipofukuzwa nilikuwa mwizi. Nimeshinda, nimekuwa mwizi wa jaji?"

Mama Nukta alitazama maziwa yaliyochora duara kwenye gauni, na pini ya yule mama iliyong'aa katikati. Ule utamu wote ukageuka ukakasi mdomoni. Yeye alijua. Makofi yalipopigwa, alijua.

"Mama, usiondoke hapo ulipo. Nakupigia."

Alikwenda moja kwa moja kwa mhariri, kopi mkononi, akapita katikati ya meza bila kumsalimu mtu. "Bosi, ishusheni ile habari. Haya si maneno ya jaji, ni ya hospitali. Tazama chini ya ukurasa huu, kisha funua."

Mhariri akavaa miwani, akasoma, akafunua, akarudi nyuma, akafunua tena. "Ishusheni!" akapaza sauti. "Sasa hivi! Chapchap!"

Chapchap alikuja mbio, akaoneshwa. Hakubisha. Alisimama anayatazama yale maneno manne, na kwa mara ya kwanza alionekana mdogo kama umri wake ulivyo.

"Dada, asante," akasema taratibu. "Ningeua mtu."

Mama Nukta alitegemea kufurahi. Alijiandaa kabisa kufurahi.

"Basi tutumie ya kwako," mhariri akasema. "Iko tayari?"

"Iko pale."

Wakaenda watatu mpaka kwenye ile meza ya karibu na choo. Mhariri akasoma kichwa, akaguna kwa kuridhika. Lakini Chapchap alikuwa ameinama, kidole kimeelekea kwenye kioo, na macho yake yana unyevu.

"Dada. Hapa. 'Hakuiba.' Jaji kasema wapi?"

"Si ameshinda?"

"Ameshinda kwa kutosikilizwa. Ulinifundisha niweke kidole. Weka kidole."

Mama Nukta akachukua kopi yake. Alifungua sehemu ya jaji, akapitisha kidole mstari kwa mstari, na kidole kikaenda, kikaenda, hakikupata pa kutua. Kilitua mahali pengine. *Kwa kuwa hoja hii ya kutosikilizwa inatosha kumaliza shauri, sioni haja ya kuamua kama tuhuma za wizi ni za kweli. Hilo halimo katika uamuzi huu.*

Alikuwa ameusoma mstari huo njiani, kwenye kizingiti cha benki. Alikumbuka hata alipoweka mguu. Ila wakati anaandika alikuwa anamjibu Chapchap, akamsahau jaji.

"Weka nukta hapo," akasema Chapchap kwa sauti ndogo. Haikuwa kijembe. Kingekuwa kijembe kingeuma kidogo zaidi ya hivyo, au kidogo chini, Mama Nukta hakujua.

Mhariri alivua miwani. "Kwa hiyo mmoja kamfunga, mwingine kamsafisha, na jaji hakufanya lolote kati ya hayo. Kazi nzuri." Akamgeukia Mama Nukta. "Na hili kosa la mwenzako, uliliona saa ngapi?"

Hapo palikuwa na mlango wazi. Angeweza kusema, sasa hivi tu, nilipopigiwa simu. Hakuna aliyemwona akipita nyuma ya kiti. Akamtazama Chapchap, akatazama kichwa chake mwenyewe kilichopiga kelele kwenye kioo.

"Nililiona kabla haijapanda. Nilipita nyuma yake. Nikanyamaza."

Ofisi yote ilisikia, kwa sababu wote walikuwa wamejitia kuandika huku masikio yamesimama. Chapchap akamgeukia. "Kwa nini, dada?"

"Kwa sababu ya huo mto wako," akasema Mama Nukta, na alipolisikia neno lenyewe likitoka lilikuwa la kipuuzi kiasi kwamba mtu mmoja upande wa michezo alicheka, akajifanya anakohoa.

Mhariri hakucheka. Akawaamuru wakae waandike moja, pamoja. Chapchap alichapa na Mama Nukta akashika kopi, na kila sentensi walibishana kama wanaogawana nyama. "Andika 'hospitali ilidai.'" "Kote?" "Kote, hata wakichoka kusoma." "Weka kwamba hakuna kesi ya jinai iliyofunguliwa." "Na rufaa?" "Weka." Kichwa kikatoka bila moto wowote: *HOSPITALI YAKOSEA KUMFUKUZA MTUNZA STOO BILA KUMSIKILIZA.* Chini yake, kwa herufi ndogo: *Mahakama haikuamua kuhusu tuhuma za wizi.* Na kwenye tovuti wakaweka masahihisho, kwamba habari ya awali ilimpa jaji maneno yaliyotolewa na hospitali, na gazeti linaomba radhi.

Ikabaki simu. Mama Nukta alitoka nayo nje, akaegemea ukuta.

"Mama, wameishusha. Wameomba radhi."

"Alhamdulillahi. Na zile herufi kubwa?"

Mama Nukta akaigusa pini kifuani. "Mama, niliahidi kabla sijasoma. Jaji hakusema wewe ni mwizi. Lakini hakusema pia kwamba si mwizi. Hilo hakuliamua. Siwezi kuliweka mdomoni mwake."

Upande wa pili mtu alihema. Ndoo ilikwaruza sakafu. "Basi mkwe atasema, unaona, hata jaji kaacha mlango wazi."

"Anaweza kusema hivyo."

"Na wewe ungeniandikia tu, angejuaje?"

"Wakili wa hospitali angejua. Kesho angetaka masahihisho mengine, na watu wangekumbuka hayo ya mwisho."

Yule mama alifikiri. "Andika basi walinifukuza kama mbwa bila kuniuliza. Hilo jaji kasema?"

"Si kwa neno la mbwa, mama. Lakini kasema."

"Litoshe leo." Akakohoa. "Pini yangu usiipoteze. Nilipewa na mjomba."

Jioni mhariri alitoa uamuzi wake akiwa amesimama, hakutaka maswali. Chapchap atabaki mahakamani kuandika. Mama Nukta atabaki pia, ila kama msomaji. Hakuna habari ya hukumu itakayotoka bila yeye kuweka kidole. Hatakwenda sokoni. Lakini jina juu ya habari ni la mwandishi, msomaji hana jina. "Na siku utakayoona kosa ukanyamaza tena," alisema, "hiyo ndiyo siku yako ya kuandika bei ya vitunguu."

Kwa hiyo alfajiri alikuwa nyumbani. Mtoto alishika kidole chake, jicho moja limefumba. Mumewe aliingia na gazeti, akakaa kitandani, akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti yake ya mahubiri. Juu kulikuwa na jina moja tu.

"Dah," akasema. "Leo hakuna ukumbi kuzizima, lakini imeshika. Huyu binti anaandika, bwana!"

Mama Nukta akahisi kile kijiba cha wivu kikijigeuza rohoni, kikatafuta mkao. Hakikuwa kimekwenda popote. Akambadilisha mtoto ziwa.

"Soma mstari wa chini ya kichwa," akasema.

"'Mahakama haikuamua kuhusu tuhuma za wizi.'"

"Huo ni wangu."

Mumewe akaugeuza ukurasa, akautazama mbele na nyuma. "Pameandikwa wapi kwamba ni wako?"

Mama Nukta akalitambua swali: ni lake mwenyewe. Kisha akacheka, akacheka mpaka mtoto akaachia ziwa na kumwangalia kwa macho yote mawili.